Steitimenti ya miezi sita inasoma laki sita na ushei, lakini moyo wangu umesita. Nimpe nyumba?

BintiMaweni

Asalam aleikum wana uzi, na habari za jioni kwa wote.

Mama yangu ana nyumba ya vyumba viwili hapa Malindi, upande wa Barani, na mimi ndiye ninayeisimamia. Kodi ni shilingi 18,000 kwa mwezi, na pesa hiyo ndiyo inayomnunulia mama dawa za presha na sukari. Mpangaji aliyetoka aliondoka na deni la miezi minne, 72,000, na hadi leo simu yangu haipokei. Ndiyo maana safari hii nimeamua kumwomba kila anayetaka nyumba anionyeshe taarifa ya M-Pesa ya miezi sita kabla sijampa funguo.

Sasa amekuja bwana mmoja, mwenye mke na watoto wawili. Kazi yake ni kupeleka wageni baharini kwa boti, mbuga ya bahari na kutazama pomboo. Ameniletea steitimenti ya Novemba hadi Aprili. Pesa zilizoingia jumla ni 628,300. Nikigawa kwa sita napata kama 104,700 kwa mwezi. Kwa hesabu hiyo kodi yangu si hata sehemu ya tano ya anachopata.

Lakini nikiangalia safu ya salio, siku nyingi za Aprili limesimama kwenye sifuri. Mtu wa laki moja kwa mwezi salio lake linakuwaje sifuri? Nimeweka picha ya ukurasa mmoja hapo chini. Naombeni mnisaidie kusoma.

Mwalimu_Gede

Dada, mbona unajisumbua? Sheria yenyewe inasema theluthi. Mtu akibaki na theluthi ya pato lake yuko salama. Theluthi ya 104,700 ni karibu 35,000 na wewe unataka 18,000 tu. Mpe nyumba, usije ukampoteza mpangaji mzuri. Mimi mwenyewe nilikataliwa nyumba Watamu kwa sababu payslip yangu ilionyesha makato ya sacco, mwenye nyumba akadhani nina madeni ya kunizamisha, kumbe nilikuwa nalipia shamba. Iliniuma sana.

Karani_Mstaafu

Binti, kwanza iondoe hiyo picha sasa hivi. Hata kama umelifunika jina lake, kuna majina na sehemu za namba za watu waliomtumia pesa, na hao hawakukuomba chochote. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu hata wenye nyumba. Tuandikie tarakimu tu, zinatosha.

Mwalimu, pole kwa yaliyokupata. Lakini theluthi unayoitaja ni ya Sheria ya Ajira ya 2007, nayo inamzuia mwajiri asikate zaidi ya theluthi mbili za mshahara. Haisemi neno juu ya kodi ya nyumba. Wenye nyumba wengi hutumia theluthi kama kipimo cha mazoea, na kipimo hicho si kibaya, ila swali ni theluthi ya kitu gani. Hapo ndipo binti ameteleza.

Nilikaa dawati la mikopo la sacco miaka 14 nikisoma steitimenti kila siku. Jumla ya safu ya `Paid In` si mapato. Safu hiyo inapokea kila kitu kinachogusa akaunti, awe amekifanyia kazi au amekikopa. Fungua steitimenti, chukua kalamu ya rangi, upige mstari juu ya hivi.

Cha kwanza ni Fuliza. Mtu akilipa kitu na salio halitoshi, kinachopungua huandikwa kwenye safu ya kuingia kwa maneno haya: `OverDraft of Credit Party`. Kwa macho kinaonekana pesa imeingia, kumbe ni deni limezaliwa dakika ile. Baadaye utaona `OD Loan Repayment` upande wa kutoka, yaani pesa ya kwanza iliyoingia imemezwa. Na hilo ndilo jibu la salio lako la sifuri.

Cha pili ni M-Shwari. `M-Shwari Loan` ni mkopo. `M-Shwari Withdraw` ni akiba yake mwenyewe inarudi mfukoni. Zote mbili si mapato, lakini usiziweke kapu moja, nitakuja kukwambia kwa nini.

Cha tatu ni pesa kubwa ya mara moja ambayo haifanani na nyingine. Iulizie tu kwa upole.

Ukimaliza, andika jumla ya kila mwezi peke yake, usinipe wastani. Wastani nitaufanya mwenyewe mwisho kabisa.

MpishiWaLamu

Samahani naingilia. Mimi niko Lamu, napika mahamri na mkate wa mofa, nauza asubuhi kwa pesa taslimu. Nataka kuhamia chumba kikubwa na mwenye nyumba naye ameniambia nimletee steitimenti. Yangu haina kitu! Wateja wangu wananipa sarafu mkononi. Ina maana mimi sina mapato?

Karani_Mstaafu

Mapato unayo, mama, ila hayana alama. Anza leo: kila jioni peleka kwa wakala pesa ya mauzo, hata kama ni 800, iingie kwenye simu. Zitaandikwa `Deposit of Funds at Agent Till`, ndogo ndogo, karibu kila siku, na msomaji mwenye akili ataona biashara hapo. Anachokiogopa ni ile 60,000 inayowekwa mara moja wiki moja kabla ya kuomba nyumba. Na ukiwa na daftari la unga na sukari, mwonyeshe pia.

KijanaWaSaiba

Nami niongeze jambo dogo. Nina saiba hapa mjini na wamewahi kuja watu kuniomba niwabadilishie tarakimu kwenye PDF ya M-Pesa. Nimewakatalia, lakini najua wapo wanaokubali. Bi BintiMaweni, mwambie huyo bwana aiombe steitimenti mbele yako, kwa `*334#` au kwa app. Faili inakuja kwa barua pepe na namba ya kuifungulia inakuja kwa SMS kwenye laini yake. Ifungueni pamoja.

Kama unayo tayari ya karatasi, fanya hesabu ya salio. Mistari ya juu ndiyo mipya, kwa hiyo soma kutoka chini kwenda juu. Kama salio lilikuwa 1,240 na zimeingia 6,500, mstari unaofuata lazima usome 7,740. Mwenye kughushi hubadilisha 6,500 iwe 16,500 akasahau salio. Jaribu mistari kumi kwenye kurasa tofauti, hutachukua robo saa.

BintiMaweni

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Picha nimeiondoa na naomba radhi.

Saiba, nilifanya mistari kumi na mitano, salio linakubali yote. Steitimenti ni ya kweli.

Karani, nilikaa na kalamu hadi saa sita usiku. Fuliza jumla ni 28,800, na nyingi ni Machi na Aprili. M-Shwari zilizoingia ni 41,000. Na kuna 30,000 ya Machi, nimemuuliza, akasema ni zamu yake ya chama. Vikitoka vyote vitatu inabaki 528,500. Bado ni 88,000 kwa mwezi. Sasa je?

NahodhaWaKusi

Bibie, hiyo bado si pesa yake. Nisikilize mimi ninayefanya kazi hiyo hiyo.

Wageni wanane wakija, mmoja wao au dereva wao wa hoteli ndiye anayetuma pesa yote kwenye simu ya nahodha. Nahodha hapo hapo analipa tiketi za mbuga kwa eCitizen, anajaza petroli, anampa mwenye boti hisa yake, anampa kijana wa nanga chake. Ikiingia 16,000 saa mbili asubuhi, hadi adhuhuri kilichobaki chake ni kama 7,000, na siku nyingine chini ya hapo. Kama boti si yake, nusu ya pesa unayoiona ni mpita njia.

Tazama siku moja ya Desemba. Utaona pesa kubwa imeingia, kisha mistari mitatu minne imetoka kwa kufuatana kabla ya jua kuwa la utosi.

Karani_Mstaafu

Nahodha amesema kweli na hilo ndilo nililokuwa nalijia. Binti, ondoa kila kinachotoka siku ile ile kwa kazi: eCitizen, kituo cha mafuta, na ile namba moja inayopokea fungu kubwa kila siku ya safari, ambayo bila shaka ni ya mwenye boti. Kisha tupe mwezi kwa mwezi.

BintiMaweni

Nimefanya. Kweli Desemba 27 imeingia 18,000 saa moja na dakika 40 asubuhi, na kufikia saa nne 9,600 imeshatoka kwa njia tatu.

Kilichobaki chake: Novemba 35,100, Desemba 81,400, Januari 71,000, Februari 52,100, Machi 20,800, Aprili 12,100.

Jumla 272,500. Wastani 45,400. Nimeshtuka. Nilianza na laki moja na ushei.

Mwalimu_Gede

Kumbe. Mimi nilikuwa nimeshampa nyumba. Lakini basi wastani wa 45,400 si mbaya, anapungukiwa kidogo tu na theluthi. Theluthi yake ni 15,000 na ushei.

Karani_Mstaafu

Mwalimu, wastani huo ni wa kaskazi. Binti, tazama miezi uliyopewa: Novemba hadi Aprili. Hiyo ndiyo nusu nono ya mwaka kwa mtu wa boti Malindi, na hata ndani ya hiyo nusu, Aprili tayari imeanguka chini ya kodi yako. Miezi sita ikitoka Nairobi kwa karani wa ofisi haijalishi ni ipi, kwa sababu Februari na Julai zinafanana. Kwetu pwani miezi sita ni msimu mmoja. Angekuletea ya Mei hadi Oktoba ungemwona fukara na pengine ungemdhulumu. Simsingizii kwamba alichagua, kwani wewe ndiye uliyeomba miezi sita naye akakupa sita za karibuni.

Mwombe ya mwaka mzima. Ni ombi lile lile kwenye simu.

Sasa nirudi kwenye M-Shwari. Kati ya zile 41,000, ngapi ni mkopo na ngapi ni akiba? Na upande wa kutoka, tafuta `M-Shwari Deposit` za Desemba na Januari.

Na jambo la mwisho, nalo mimi huliamini kuliko mapato: tafuta kodi anayolipa sasa. Itakuwa fungu lile lile, kwa namba ile ile, tarehe za karibu karibu.

BintiMaweni

Mkopo ni 5,000 tu, wa Novemba. Zilizobaki 36,000 ni akiba yake, alizitoa Februari, Machi na Aprili. Na kweli Desemba aliweka 35,000, Januari 25,000.

Kodi nimeiona! 12,000 kila mwezi, kati ya tarehe 2 na 5, kwa namba moja. Nimemuuliza, akasema ndiye mwenye nyumba wake wa sasa. Aprili alilipa mara mbili, 7,000 tarehe 4 na 5,000 tarehe 11.

Karani_Mstaafu

Basi unaye mtu anayejua kwamba kusi linakuja. Aliweka 60,000 msimu wa wageni, akala 36,000 pesa zilipokauka, na 24,000 inapaswa kuwa bado ipo. Na Aprili, mwezi aliopata 12,100, alilipa kodi ya 12,000. Hebu fikiri alikula nini. Alikula akiba na Fuliza. Huyo anaitanguliza kodi mbele ya tumbo lake, na hilo huwezi kulisoma kwenye payslip ya mtu yeyote.

Lakini tabia njema haizalishi 18,000 pale ambapo hazipo. Leta miezi mingine.

NahodhaWaKusi

Naona mnamhesabia simu tu. Bakshishi haziji kwa simu. Mgeni wa Kitaliano anashuka botini anakutia noti ya yuro mkononi. Desemba na Agosti hizo si kidogo, na hazimo kwenye karatasi yenu.

Karani_Mstaafu

Kweli, na kuna njia ya kuiona pesa isiyoonekana. Tazama matumizi ya nyumbani. Duka, gesi, shule, kutoa pesa kwa wakala. Kama Desemba mistari hiyo haipo kabisa ilhali ana mke na watoto wawili, basi nyumba inalishwa kwa taslimu kutoka mahali pengine. Ikirudi Aprili, ujue taslimu imekauka. Hutajua kiasi, lakini utajua kwamba ipo.

BintiMaweni

Nimerudi baada ya siku tatu. Bwana huyu hakulalamika, alikuja mwenyewe na simu, tukaomba ya mwaka tukiwa tumekaa barazani kwa mama.

Kwa njia ile ile ya kalamu: Mei 9,400, Juni 8,700, Julai 31,000, Agosti 58,200, Septemba 33,500, Oktoba 24,600. Jumla 165,400. Nikijumlisha na ile nusu ya kwanza, mwaka mzima ni 437,900, yaani kama 36,500 kwa mwezi.

Theluthi ya hiyo ni 12,000 na kidogo. Ndiyo kodi anayolipa leo! Yangu ya 18,000 ni karibu nusu ya anachopata.

Matumizi niliyaangalia kama ulivyosema. Desemba yote kuna malipo mawili tu ya duka. Aprili yako kumi na tisa. Kwa hiyo nahodha hakukosea, kuna taslimu.

Kodi ya Juni alilipa tarehe 20. Hiyo ndiyo pekee iliyochelewa sana mwaka mzima, na hakuna mwezi uliorukwa.

Nampenda mtu huyu kwa ukweli wake, na mama amempenda zaidi. Lakini dawa za mama hazingoji tarehe 20.

Karani_Mstaafu

Ningekuwa dawatini ningeandika hivi: anastahimili 12,000 mwaka mzima, 15,000 kwa kubana, na 18,000 kwa miezi saba au minane tu. Taslimu ya bakshishi ningeihesabu kama mto wa kuegemea, nisiiingize kwenye mapato. Kwa 18,000, Mei na Juni anahitaji 36,000 na anapata 18,100 zote mbili, kabla ya chakula. Akiba ya 24,000 haijazi shimo hilo pamoja na matumbo manne.

Mtu huyu hajashindwa. Kodi ndiyo imempita.

NahodhaWaKusi

Mimi sikubali. Mtu wa bahari halipi kama karani. Mwambie alipe ya masika mapema, wakati wa kaskazi. Januari alipe Januari yake na Mei, Februari alipe na Juni. Mwenye nyumba wangu tumeishi hivyo miaka sita, Silversands, na hatujawahi kugombana. Desemba ya 81,400 na Januari ya 71,000 zinabeba, tena vizuri.

Karani_Mstaafu

Njia hiyo ni nzuri kuliko kumwongezea dipoziti, nakubali. Shida ni kwamba leo ni Mei. Anaingia ndani ya shimo lenyewe, na Januari iko mbali. Na mkiafikiana hivyo lazima kila malipo ya mapema yaandikiwe stakabadhi yenye jina la mwezi, isije Mei ikafika pesa imeshaliwa kwa mama naye ikabidi adaiwe tena.

MpishiWaLamu

Mimi nimeanza kupeleka kwa wakala. Leo ni siku ya nne. Bi BintiMaweni, na kama ungemshushia hadi Agosti tu? Kodi ndogo masika, kubwa kaskazi. Huku Lamu nawajua wenye vyumba wanaofanya hivyo kwa watu wa mashua.

BintiMaweni

Hilo la Mpishi sikulifikiria. Nimepiga hesabu: 12,000 kwa Mei hadi Julai, halafu 20,000 kwa miezi tisa inayobaki, inanipa 216,000 kwa mwaka. Ni sawasawa na 18,000 mara kumi na mbili. Sipotezi shilingi, ila dawa za mama miezi hii mitatu nitajazia mimi 6,000 kila mwezi.

Kinachonitatiza ni Oktoba. Alipata 24,600 na nitamdai 20,000. Hapo ndipo naona nyuma ya karatasi pana kitu sijakijua, maana mwaka jana Oktoba Fuliza ilikuwa tatu tu na kodi alilipa tarehe 3.

Anakuja Jumamosi baada ya alasiri. Nitamuuliza Oktoba alikula wapi.

NahodhaWaKusi

Muulize kama anavua. Oktoba bahari inatulia, wengi wetu tunarudi kwenye mishipi, na samaki huuzwa ufukweni kwa taslimu.